Ramani za Umaskini Kutoka Angani: Mashine Inaona Nini, na Inakisia Nini

Ramani hizi zinazunguka sana mitandaoni. Nchi nzima imegawanywa katika miraba midogo, mingine myekundu, mingine ya manjano, mingine ya kijani, na chini yake pameandikwa kwamba setilaiti na akili unde zimeonyesha mahali maskini wanapoishi. Mabishano huanza papo hapo. Mmoja anauliza kwa nini mtaa wake umepakwa kijani ilhali mabomba yake hayatoi maji. Mwingine anasema serikali sasa inajua kilichomo ndani ya nyumba yake. Wa tatu anadai kwamba sensa na tafiti za nyumba kwa nyumba zimepitwa na wakati. Wa kwanza ana hoja nzito. Wawili waliobaki wamekosea, lakini si kosa lao peke yao, kwa sababu ramani hizi husambazwa bila neno hata moja kuhusu namna zilivyotengenezwa.

Tuanze na picha yenyewe. Picha ya setilaiti imeundwa na vinukta vya mraba viitwavyo pikseli, na kila pikseli hubeba rangi moja tu inayowakilisha kipande chote cha ardhi kilichomo ndani yake. Katika picha za Landsat, ambazo hutolewa bure, pikseli moja ni mraba wa mita 30 kwa mita 30. Nyumba kadhaa, uwanja wake na njia ya miguu vinamezwa humo na kuwa rangi moja. Setilaiti za Sentinel-2, nazo za bure, hufikia mita 10. Picha za kununua kutoka kampuni za biashara hufikia sentimita 30 hadi 50, na hapo paa moja linatengana na jingine, na gari linaonekana kama kidoa kirefu. Hakuna picha kati ya hizi inayoonyesha uso wa mtu, wala sufuria iliyo jikoni, wala kama mtoto wa nyumba ile alilala na njaa. Kinachoonekana ni sehemu ya juu ya vitu, kwa sekunde ile moja ambayo setilaiti ilipita.

Basi umaskini unatoka wapi kwenye ramani? Unatoka kwa watafiti waliotembea kwa miguu. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kabla mashine haijakisia chochote, lazima kuwe na utafiti wa kaya, yaani kazi ya wahojaji kuingia majumbani na kuuliza. Kuna aina mbili za majibu ambayo hutumika sana. Ya kwanza ni matumizi: kaya inakula nini, inanunua nini, inalipia nini kwa wiki au mwezi. Ni maswali marefu na ya gharama kubwa. Ya pili ni mali: sakafu ni ya udongo au ya saruji, paa ni la nini, kuna redio, runinga, simu, baiskeli, choo cha aina gani. Majibu ya mali huunganishwa kuwa alama moja, na alama hiyo haina kipimo cha pesa. Inasema tu kwamba kaya hii iko juu au chini ya kaya nyingine zilizohojiwa katika nchi hiyo hiyo.

Mashine hupewa jozi: picha ya kijiji, na alama ya wastani ya kaya zilizohojiwa pale. Hupewa mamia au maelfu ya jozi kama hizo, kisha hutafuta uhusiano kati ya kilichomo pichani na alama. Inafanana na mnunuzi wa ng'ombe mnadani ambaye hana mizani. Ameshaona ng'ombe wengi wakipimwa, kwa hiyo akitazama mgongo, mbavu na mapaja anaweza kutaja uzito wa mnyama ambaye hajawahi kupimwa. Hapimi, anakadiria. Ubora wa makadirio yake unategemea ng'ombe aliojifunzia, na kama akiletewa aina ya ng'ombe ambayo hajawahi kuiona, bado atataja uzito, tena kwa sauti ile ile ya uhakika.

Kazi iliyoifanya mbinu hii ijulikane ilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science na Neal Jean na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ilihusu nchi 5: Nigeria, Tanzania, Uganda, Malawi na Rwanda. Kabla yao, wachumi walikuwa wamezoea kutumia mwanga wa usiku unaoonekana kutoka angani, kwa kuwa miji yenye umeme na shughuli nyingi hung'aa. Tatizo ni kwamba vijiji vingi maskini viko gizani vyote. Giza la kijiji chenye chakula cha kutosha halitofautiani na giza la kijiji chenye njaa, hivyo mwanga wa usiku unashindwa hasa pale ambapo unahitajika zaidi.

Shida ya pili ya Jean na wenzake ilikuwa uchache wa jozi. Mashine ya kusoma picha huhitaji mifano mingi mno, na vijiji vilivyohojiwa havikutosha. Wakatafuta njia ya kuzunguka. Kwanza waliifundisha mashine kutazama picha ya mchana na kukisia mahali pale pangekuwa na mwanga kiasi gani usiku. Picha za mchana na za usiku zipo za dunia nzima, kwa hiyo mifano haikuwa tatizo tena. Katika kujifunza hivyo, mashine ikazoea kutambua barabara, mapaa, mashamba, maji na mpangilio wa majengo, bila mtu kuiambia vitu hivyo vinaitwaje. Ndipo ujuzi huo ukaunganishwa na majibu machache ya tafiti za kaya.

Matokeo yalikuwa mazuri kuliko ya mwanga wa usiku peke yake. Kwa upande wa mali, makadirio yalieleza kati ya asilimia 55 na 75 ya tofauti zilizopo baina ya maeneo. Kwa upande wa matumizi, yalieleza kati ya asilimia 37 na 55, na hapo nchi zilizopimwa zilikuwa 4. Pengo hilo kati ya mali na matumizi lina sababu. Mali huacha alama nje ya nyumba, kama paa, ukubwa wa nyumba na umbali wake kutoka barabarani. Mlo hauachi.

Asilimia 70 si kupatia mara 70 kati ya 100

Hapa ndipo habari nyingi hupotoka. Mtu akisoma kwamba ramani inaeleza asilimia 70 ya tofauti, anaelewa kwamba katika kila vijiji 100 mashine imepatia 70. Sivyo kabisa.

Chukua nchi ya mfano yenye vijiji vingi, kila kijiji kikiwa na alama yake ya mali. Tuseme hujui lolote kuhusu kijiji fulani, kwa hiyo unakipa alama ya wastani wa nchi. Utakosea, na ukubwa wa kawaida wa kosa lako tuuite 1. Sasa upewe ramani inayoeleza asilimia 70 ya tofauti. Kosa lako la kawaida halishuki hadi 0.3, kama ambavyo wengi wangedhani. Asilimia hizo hukokotolewa kwa makosa yaliyozidishwa kwa yenyewe, hivyo ili kurudi kwenye kosa la kawaida unatafuta kipeuo cha pili cha 0.3, na jibu ni karibu 0.55. Yaani ramani nzuri kabisa imepunguza kosa kwa chini kidogo ya nusu. Hayo ni mafanikio ya kweli, na kwa mahali ambapo hakuna takwimu nyingine ni mafanikio makubwa. Lakini vijiji viwili vyenye rangi zinazokaribiana haviwezi kushindanishwa kwa ramani hiyo, kwa sababu tofauti kati yao ni ndogo kuliko kosa lenyewe.

Kuna jambo lingine limejificha ndani ya asilimia hizo. Katika nchi nyingi, tofauti kubwa kuliko zote za mali baina ya maeneo ni kati ya mji na kijiji. Mashine inayotambua tu kwamba hapa ni mjini na pale ni kijijini tayari imejipatia sehemu kubwa ya alama zake bila kujua lolote zaidi. Ukiichukua ramani hiyo hiyo na kuipima kwa vijiji peke yake, au kwa mitaa ya mjini peke yake, uwezo wake hushuka. Emily Aiken, Esther Rolf na Joshua Blumenstock walilionyesha hili mwaka 2023: ramani za aina hii zinaweza kuwa nzuri kwa nchi nzima, zikawa dhaifu ndani ya vijiji, na udhaifu huo ukabadilisha nani anapata msaada. Na mradi wa kusaidia vijiji hauulizi kama mji una mali kuliko kijiji. Jibu la swali hilo linajulikana. Unauliza kijiji kipi kati ya vijiji. Kwa hiyo ukikutana na asilimia ya kujivunia, swali la kuuliza ni moja: imepimwa kwa nchi nzima, au ndani ya vijiji tu?

Mathare na Muthaiga ndani ya mraba mmoja

Tumrudie yule mtu wa mtaa wa kijani usio na maji. Ramani nyingi hazitoi alama kwa kaya bali kwa mraba. Ile inayotumika sana, iliyochapishwa mwaka 2022 na Guanghua Chi, Han Fang, Sourav Chatterjee na Blumenstock, inashughulikia nchi 135 za kipato cha chini na cha kati, na kila mraba wake una upana wa takriban kilomita 2.4. Hiyo ni karibu kilomita za mraba 6, na mraba mzima hupewa alama moja.

Sasa tazama Nairobi. Mathare ni moja ya makazi duni makubwa ya jiji hilo, mabati yamebanana na vyumba ni vidogo. Muthaiga ni moja ya mitaa ya matajiri, nyumba zimezungukwa na bustani na miti mirefu. Kati ya mitaa hiyo miwili kuna barabara ya Thika, basi. Mraba wa kilomita 2.4 ukianguka juu ya barabara hiyo, unachukua vipande vya pande zote mbili na kuvipa wastani. Wastani huo hauelezi maisha ya mtu yeyote anayeishi pale. Mkazi wa Mathare akiuona mraba wake una rangi ya watu wa kati, ana kila haki ya kukataa.

Kosa hilo linaanza hata kabla ya ramani, katika mafunzo yenyewe. Tafiti za Afya na Demografia, ambazo ni chanzo kikuu cha alama za mali, huwalinda waliohojiwa kwa kusogeza alama ya mahali kwa makusudi. Mjini husogezwa hadi kilomita 2, kijijini hadi kilomita 5, na kwa eneo moja katika kila 100 ya vijijini hadi kilomita 10. Nakubaliana kabisa na utaratibu huo. Mtu aliyejibu maswali ya afya yake hastahili kufuatiliwa hadi mlangoni. Lakini ona linalofuata: kaya zilizohojiwa Mathare zinaweza kuandikwa kana kwamba ziko Muthaiga. Mashine inapewa picha ya bustani na miti, na inaambiwa kwamba hapa ndipo watu wasio na choo wanaishi. Watafiti hupunguza athari hiyo kwa kutumia picha ya eneo pana zaidi kuzunguka alama, na makosa mengine hufutana mifano ikiwa mingi. Kijijini, ambako kilomita chache hazibadilishi sana hali, dawa hiyo inafanya kazi vizuri. Mjini, ambako ukivuka barabara unaingia maisha mengine, haitoshi.

Na hata pale ambapo mraba umepata alama sahihi, ni alama ya eneo. Ndani ya kijiji kimoja kuna mwenye ng'ombe ishirini na kuna mjane anayelima kibarua. Sehemu kubwa ya tofauti za kipato katika nchi nyingi ipo kati ya majirani, na hiyo ramani ya mraba haiigusi kamwe. Ndiyo maana yule wa pili, anayehofu kwamba nyumba yake imechunguliwa, anaweza kutulia kuhusu ramani hizi. Hazijui kama yeye ni maskini.

Kuvutwa kuelekea katikati

Mnunuzi wa ng'ombe akiwa hana uhakika, hutaja uzito ulio karibu na wa kawaida, maana hapo ndipo hatari ya kukosea sana ni ndogo. Mashine hufanya vivyo hivyo, na si kwa hitilafu. Imefundishwa kupunguza makosa kwa jumla, na njia ya kuyapunguza wakati picha haisemi wazi ni kubaki karibu na wastani. Matokeo yake ni kwamba maeneo maskini sana huonekana na nafuu kuliko yalivyo, na maeneo tajiri sana huonekana ya kawaida zaidi.

Tufanye hesabu ya mfano. Wastani wa nchi ni alama 50. Kijiji cha kwanza kina 20 kwa kweli, cha pili kina 28, cha tatu kina 80. Mashine inavuta kila kimoja kuelekea katikati, ikatoa 32, 37 na 68. Angalia kwamba mpangilio uko sawa: wa mwisho ni wa mwisho, wa kwanza ni wa kwanza. Mradi unaosema utaanza na kijiji kilicho chini kabisa utapata jibu sahihi. Sasa mradi mwingine unasema utasaidia kila kijiji kilicho chini ya alama 30. Kwa kweli vijiji viwili vinastahili. Kwa ramani, hakuna hata kimoja. Ofisa atasoma ramani na kuandika kwenye ripoti kwamba wilaya hiyo haina umaskini wa kupindukia, na hakuna mahali popote kwenye ramani patakapomwonyesha kwamba amekosea.

Hivyo ramani ya aina hii inafaa zaidi kupanga maeneo kwa zamu kuliko kuhesabu maskini wangapi wapo. Anayejumlisha rangi na kutangaza idadi ya maskini nchini anaifanyisha kazi isiyoiweza.

Paa jipya na barabara mpya

Kosa linalonisumbua kuliko yote ni la kutumia ramani kupima kama mradi umefanikiwa. Wazo lenyewe linavutia: piga picha kabla, piga picha baada, ona kama rangi imebadilika. Lakini kumbuka mashine ilijifunza nini. Ilijifunza kutofautisha kijiji na kijiji kwa wakati mmoja. Haikufundishwa namna kijiji kimoja kinavyobadilika miaka inapopita, na hayo ni mambo mawili tofauti. Christopher Yeh na wenzake walichapisha mwaka 2020 kazi iliyohusu vijiji karibu 20,000 katika nchi 23 za Afrika. Makadirio yao yalieleza karibu asilimia 70 ya tofauti za mali kati ya vijiji, lakini walipojaribu kukadiria mabadiliko ya kijiji kile kile baada ya miaka, uwezo ulikuwa mdogo zaidi.

Fikiria miradi miwili katika vijiji viwili vinavyofanana. Mmoja unagawa mabati. Baada ya mwaka mapaa ya nyasi yamegeuka kuwa ya bati jipya linalong'aa, na mashine inatangaza kwamba utajiri umepanda, hata kama chakula ni kile kile na deni limeongezeka. Mwingine unagawa fedha, na watu wanalipa ada za shule, wanatibiwa, wanakula mara tatu kwa siku badala ya mara moja. Kutoka angani hakuna kilichobadilika. Ukifuata ramani, utafunga mradi wa pili na kuupanua wa kwanza.

Barabara zina mtego mbaya zaidi. Kwa mashine, barabara ya lami ni moja ya dalili kubwa za utajiri. Mtu akichukua ramani hiyo na kuuliza kama barabara mpya imepunguza umaskini, jibu limeshawekwa ndani ya swali. Barabara imejengwa, mashine imeiona, mashine imepandisha alama, na ripoti inasema barabara imeleta maendeleo. Huenda imeleta kweli, lakini ramani hiyo haiwezi kuwa shahidi. Hivyo hivyo kwa mradi wa umeme kupimwa kwa mwanga wa usiku.

Makazi yasiyo rasmi

Kazi ya kuchora makazi yasiyo rasmi ni ndugu wa hii, ila hapa mashine haikisii alama. Inaulizwa tu: kipande hiki ni makazi yasiyo rasmi au siyo? Dalili inazotumia ni mapaa madogo yaliyobanana, njia zilizopinda, ukosefu wa miti na wa nafasi wazi.

Lakini Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi linatazama upungufu wa aina tano: nyumba isiyo imara, chumba kilichojaa watu kupita kiasi, kukosa maji salama, kukosa choo bora, na kukosa uhakika wa kutofukuzwa. Kati ya hayo matano, setilaiti inaona dalili za la kwanza. La pili inalikisia kwa shida, kwa sababu inahesabu mapaa na si watu. Bomba, choo na hati ya kiwanja havionekani kabisa.

Kwa hiyo inakosea kwa pande zote mbili. Mji wa kale kama Lamu una mapaa yaliyosongamana na vichochoro vyembamba vilivyopinda, na ukiangalia kwa dalili hizo tu utauweka kundi moja na makazi duni, wakati ni mji wa karne nyingi wenye nyumba za mawe za thamani. Upande wa pili kuna majengo ya ghorofa ya vyumba vya kupanga, kama yale ya Pipeline, Nairobi. Kutoka angani ni mapaa makubwa, imara, ya saruji, yenye mistari iliyonyooka. Ndani ni chumba kimoja kwa familia nzima, na foleni ya choo kwenye ujia. Mashine itasema hapa pako vizuri. Mipango ya maji na usafi ikifuata ramani hiyo, maelfu ya watu wa ghorofani watakuwa hawapo.

Ramani hii ina hatari ambayo ile ya alama za mali haina. Mpaka uliochorwa kuzunguka mtaa na kuitwa makazi yasiyo rasmi unaweza kufika mezani kwa mtu anayepanga kuleta maji, na unaweza kufika mezani kwa mtu anayepanga kuleta tingatinga. Wakazi wasiojua kwamba mtaa wao umechorwa hawawezi kuupinga mpaka huo wala kuurekebisha.

Togo, na kile ambacho ramani iliweza

Sisemi ramani hizi zitupwe. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga shughuli, serikali ya Togo ilianzisha mpango wa Novissi wa kutuma fedha kwa simu. Nchi haikuwa na daftari la kaya maskini, na sensa ya mwisho ilikuwa ya 2010. Wahojaji hawangeweza kuzunguka vijijini wakati wa maambukizi. Kwa kushirikiana na shirika la GiveDirectly na watafiti wa chuo kikuu, mpango ulipanuliwa kwa hatua mbili. Picha za setilaiti, zikiongozwa na tafiti za nyuma, zilitumika kuchagua tarafa 100 maskini zaidi. Kisha ndani ya tarafa hizo, mienendo ya matumizi ya simu ndiyo iliyotumika kukadiria mtu gani ni maskini zaidi, baada ya mahojiano ya simu kuifundisha mashine.

Ona mgawanyo wa kazi. Setilaiti iliulizwa swali la eneo tu. Swali la mtu lilipelekwa kwenye chanzo kingine. Na watafiti, matokeo yao yalipochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022, waliyapima kwa kulinganisha na njia nyingine. Dhidi ya kuchagua kwa eneo peke yake, njia yao ya simu ilipunguza makosa ya kuwaacha wanaostahili kwa asilimia 4 hadi 21. Dhidi ya daftari kamili la kaya, kama Togo ingekuwa nalo, njia yao ingeongeza makosa hayo kwa asilimia 9 hadi 35. Takwimu hizo mbili zinapaswa kusomwa pamoja. Ukitaja ya kwanza peke yake, mashine imeshinda. Ukitaja ya pili peke yake, imeshindwa. Ukweli ni kwamba ilikuwa bora kuliko kilichokuwepo, na duni kuliko kile ambacho nchi ingeweza kujenga kwa kuwahesabu watu wake. Yule wa tatu, anayesema sensa haina kazi tena, apewe takwimu ya pili. Na mashine haijifunzi bila tafiti za kaya: ukizifuta, baada ya miaka michache makadirio yatakuwa ya nchi isiyokuwepo tena.

Limebaki suala la uhakiki, na hapa hata watu makini hujikwaa. Mradi ukishachagua miraba myekundu, wahakiki hupelekwa kwenye miraba hiyo hiyo. Huko wanakuta baadhi ya wasiostahili wameingia, wanawaondoa, na wanaandika kwamba ramani imehakikiwa. Lakini waliokosewa zaidi wako kwenye miraba ya kijani na ya manjano, na huko hakuna aliyekwenda. Uhakiki unaofaa huchagua miraba kwa bahati nasibu kutoka rangi zote, mjini na kijijini kila mmoja kwa fungu lake, kisha huenda na maswali yale yale ya utafiti uliotumika kuifundisha mashine: sakafu, choo, redio, baiskeli. Majibu hulinganishwa na alama ya kila mraba, na kinachotafutwa kwanza ni kaya ngapi za chini kabisa zimekutwa ndani ya kijani. Idadi hiyo ndiyo inayopaswa kuchapishwa pembeni mwa ramani, kwa maandishi ya ukubwa ule ule wa kichwa chake.